Simu Hii ni ya Nani? Somo la Milki kutoka Kaunta ya Simu za Mtumba



Mwaka wangu wa pili hapa Mbale, asubuhi nilikuwa darasani na jioni nilisimama kwenye kaunta ya binamu yangu mjini, anakouza simu za mtumba. Muhula ule tulikuwa tunasoma fikihi ya miamala, mlango wa sharti za kuuza. Mwalimu akataja sharti la muuzaji kuwa mmiliki wa anachokiuza, au wakala wa mmiliki. Niliandika mstari mmoja kwenye daftari, nikaukariri kwa ajili ya mtihani, na nikaupata. Wiki chache baadaye nikafeli swali lilelile dukani.

Najua wengi wenu mnauza simu hosteli, na wengine mnafikiria kufungua kibanda mkimaliza masomo. Kwa hiyo nitaeleza kilichonikuta, kisha nionyeshe namna tunavyonunua leo.

Kisa chenyewe

Ilikuwa Alhamisi, muda mfupi kabla ya Magharibi. Akaja kijana mmoja, mavazi nadhifu, mkononi Samsung Galaxy A14. Boksi hana, chaja hana. Alisema anahitaji nauli ya kwenda kwao usiku huohuo. Simu ilikuwa imeshafomatiwa, inawaka na kusalimia kama mpya. Alitaka 180,000. Nikamwambia 150,000, akakubali bila hata kuvuta pumzi. Nikampa pesa taslimu, akaniandikia jina moja na namba ya simu, akaondoka. Nami nikaenda kuswali nikiwa na furaha ya mtu aliyepata.

Siku ya tatu nikamuuzia dada mmoja wa mwaka wa tatu kwa 320,000. Faida ya 170,000 kwa simu moja! Binamu alipouliza imetoka wapi, nikajibu, "Kwa mtu alikuwa na haraka." Alinitazama, hakusema kitu.

Siku ya kumi na moja yule dada akarudi, na safari hii alikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyebeba boksi la simu na karatasi ya polisi. Tukabonyeza `*#06#`, zikatokea namba mbili za IMEI, kila moja tarakimu 15. Tukazilinganisha na za kwenye boksi moja baada ya nyingine. Zilikuwa zilezile. Simu ilikuwa imeibwa hosteli ikiwa kwenye chaji, na chumba kizima walikuwa wanaijua patani yake.

Nikapiga ile namba niliyoachiwa. Haikupatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Nani anachukua nini?

Wote watatu tuliosimama pale kaunta tulikuwa na la kusema. Mwenye simu alisema ni mali yake. Yule dada alisema aliinunua kwa pesa halali, dukani, mchana kweupe. Mimi nilisema nami niliinunua, sikuiba.

Fikihi haikutuacha gizani. Abu Daud amepokea kutoka kwa Samura bin Jundub hadithi ambayo maana yake ni kwamba aliyekuta mali yake yenyewe mikononi mwa mtu ana haki nayo zaidi, na aliyeinunua amfuate aliyemuuzia. Hii ndiyo njia ya fukahaa katika mali iliyoibwa au kuporwa: kuuzwa hakuhamishi milki, hata ikipita mikono mitano, hata kama kila mnunuzi alikuwa na nia safi. Nia safi inamwondolea mtu dhambi ya kutojua, lakini haimpi milki ambayo muuzaji wake hakuwa nayo.

Kwa hiyo mwenye simu alichukua simu yake bila kutulipa chochote. Yule dada alinigeukia mimi, nami nikamrudishia 320,000 zote, si 320,000 kutoa siku alizoitumia. Mimi nikabaki na haki ya kumfuata kijana wa Alhamisi, haki ambayo kwenye karatasi ni kamili na mtaani haina miguu. Hasara yangu halisi ilikuwa ile 150,000 niliyompa mwizi. Ila pesa za yule dada nilikuwa nimeshazinunulia simu nyingine, ikabidi binamu anikopeshe.

Vitabu vya fikihi vina jina la jambo hili: *dhamana ya daraka*. Ni dhamana ya kwamba akitokea mwenye haki na kuichukua bidhaa, mnunuzi atarudishiwa bei yake. Nilikuwa nimelisoma neno hili nikadhani ni la zama za ngamia na mashamba. Kumbe kila muuza simu za mtumba anaibeba dhamana hiyo kwa kila simu anayoitoa, aiandike asiiandike.

Kuna na upande wa serikali. Sheria ya jinai ya Uganda haimkamati tu aliyejua kwamba mali ni ya wizi. Inamkamata pia aliyeipokea akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa. Afisa wa kituo aliniuliza swali moja tu: "Simu ya bei hii ulipewa kwa 150,000, hukujiuliza?" Sikuwa na jibu.

Bei ni shahidi wa kwanza

Swali lile ndilo lililonifundisha kupanga bei. Zamani nilianza na anachotaka muuzaji, kisha nikashusha. Binamu yangu huanza upande wa pili: simu hii nitaiuza kwa kiasi gani ndani ya wiki mbili? Kisha anarudi nyuma hadi kwenye bei ya kununulia. Tuichukue A14 ileile.

Bei ya kuuzia ni ile ambayo wateja wanalipa kweli, si ile iliyobandikwa kwenye kioo cha duka. Maduka matatu ya jirani yalikuwa yamebandika kati ya 340,000 na 360,000, lakini yalikuwa yakiachia kwa 320,000. Tunaanza hapo. Tunatoa 15,000 za chaja, kwa sababu simu imekuja bila chaja. Tunatoa 15,000 za fundi, kwa kuwa tundu la chaji lilikuwa limelegea. Tunatoa 10,000 za mfuko wa marejesho, maana tunampa mnunuzi siku 14 za kurudisha, na kati ya simu nyingi lazima moja irudi. Mwisho tunatoa 40,000 za faida, ambazo ndani yake mna kodi ya kibanda na umeme. Jumla ya makato ni 80,000. Dari ya kununulia ni 240,000.

Kama kioo kingekuwa kimebadilishwa, tungeanza na bei ya chini zaidi, na mnunuzi angeambiwa hivyo kabla ya kulipa. Kama simu ni ya aina ambayo vipuri vyake havipatikani Mbale, hatuinunui hata iwe rahisi vipi, maana ikiharibika katika zile siku 14 hatuna pa kukimbilia.

Sasa itazame bei ya Alhamisi. Mtu mwenye simu ya dari 240,000 anaanza na 180,000 na kushuka hadi 150,000 bila kubishana. Aliyeinunua simu kwa jasho lake anaijua bei yake. Anakumbuka alilipa ngapi, anakutajia kwamba kioo hakijawahi kupasuka, anaumia ukimtajia bei ndogo. Asiyeumia huenda hakulipa chochote.

Hata hivyo bei ndogo ni dalili, haijawa hukumu. Yupo mwenzetu aliyekwama ada, mgonjwa yuko hospitali, naye anakubali chochote. Kwa hiyo tumeweka kanuni mbili. Bei ikishuka chini ya thuluthi mbili za dari, yaani chini ya 160,000 kwa simu hii, tunasimama na kuuliza maswali zaidi kabla ya kutoa shilingi. Na tukishajiridhisha kwamba ni yake, tunamlipa karibu na dari hata kama ameomba kidogo. Faida yetu ya 40,000 tayari imo ndani ya hesabu, hatuna haja ya kuichuma nyingine kwenye shida ya mtu.

Mtu kwanza, simu baadaye

Kosa langu kubwa lilikuwa kupokea simu ambayo tayari imefutwa. Simu iliyofutwa ni shahidi aliyekatwa ulimi. Leo tunataka ije jinsi mwenyewe anavyoitumia, na laini yake ikiwa ndani, nasi tunafuata mpangilio huu bila kuruka hatua.

Kwanza, muuzaji anaifungua mwenyewe mbele yetu, kwa kidole au patani, kisha anapiga simu ya duka kutoka kwenye laini iliyomo. Tunazungumza naye huku simu iko mkononi mwake: ameitumia muda gani, aliinunua wapi, betri inakaa saa ngapi. Si mahojiano ya polisi. Mwenye simu hujibu bila kufikiri, tena huongeza asiyoulizwa.

Pili, tunabonyeza `*#06#` na kulinganisha namba za IMEI na zile za kwenye `Settings`, sehemu ya `About phone`, na za kwenye boksi kama lipo. Kisha tunaziingiza kwenye tovuti ya kukagua IMEI. Tarakimu nane za mwanzo hutambulisha aina ya simu, kwa hiyo tovuti ikitaja aina nyingine kabisa na hiyo uliyoshika, namba imechezewa au bodi ya ndani imetoka kwenye simu nyingine. Hapo hatuendelei.

Tatu, tunamwomba aondoe akaunti yake ya Google, kisha aifute kupitia `Settings`. Tunaiwasha upya, tunaiunganisha na intaneti, na tunasubiri. Ikidai akaunti au patani ya mtu wa zamani, hatuinunui. Kwa iPhone, lazima azime `Find My` kwa neno la siri la akaunti yake kabla ya kufuta. Kusubiri intaneti kuna sababu nyingine: simu za mkopo, zile zinazolipwa kidogo kidogo kila siku, huonyesha ujumbe wa kampuni zikishapata mtandao. Simu ya aina hiyo deni lake likiwa halijaisha, mwenye kuitumia hana ruhusa ya kuiuza, na malipo yakikatika itajifunga mikononi mwa mteja wako.

Nne, malipo. Hatutoi pesa taslimu kwa mtu tusiyemjua. Tunatuma kwa Mobile Money kwenye namba ileile iliyotupigia kutoka kwenye simu. Kabla ya kuthibitisha, jina lililosajiliwa hutokea, nasi tunalilinganisha na kitambulisho alichoshika. Laini, kitambulisho na uso vikikubaliana, tuna mtu wa kumfuata siku ya daraka. Akisema "laini si yangu, nipe taslimu tu," tunamwambia aje na mwenye laini. Wengi hawarudi.

Mashine inajua nini na haijui nini

Ndugu msomaji anaweza kudhani vipimo hivi vinatosha. Havitoshi, na kisa changu ni ushahidi. Simu ile ingepita karibu vyote vya mashine. IMEI yake ilikuwa ya asili. Mwizi aliijua patani, kwa hiyo aliweza kuifuta kupitia `Settings` na isidai akaunti ya mtu. Kule kufunguka kunathibitisha kwamba aliyeishika ana uwezo wa kuifungua. Hakuthibitishi kwamba ni yake.

Vivyo hivyo orodha za IMEI zilizoibwa. Namba huingia humo baada ya mwenye simu kutoa taarifa na mtandao kuifungia. Mwizi akifika dukani kwako kabla mwenyewe hajafika polisi, orodha itakuambia simu ni safi. Na simu iliyofungiwa ng'ambo inaweza kufanya kazi vizuri huku, kwa sababu si kila mtandao unaifuata orodha ya wenzake. Ikiwemo kwenye orodha, iache. Isipokuwemo, bado hujathibitisha kitu.

Ndiyo maana tunaegemea zaidi kwenye hatua ya kwanza na ya nne, ambazo zinamhusu mtu, halafu tunaongeza jambo la tano ambalo halihitaji ujuzi wowote: muda. Simu iliyonunuliwa kwa mtu binafsi hukaa kabatini siku saba kabla haijawekwa kwenye kioo. Mwenye kuibiwa hutafuta kwa nguvu siku za mwanzo, huzunguka maduka, hutuma IMEI kwenye makundi ya chuo. Akija ndani ya siku hizo anaikuta, na mteja hajaingizwa kwenye balaa. Mtaji unalala wiki moja, ni kweli. Tumekubali kuilipa gharama hiyo.

Wauzaji wa jumla

Nusu ya simu zetu zinatoka kwa wauzaji wa jumla katikati ya Kampala, hasa mizigo inayopitia Dubai. Huko huwezi kumuuliza mwenye simu, kwa sababu humwoni. Unampima muuzaji. Tunaanza na simu nne, hatuanzi na arobaini. Tunataka risiti yenye jina la duka, na IMEI ya kila simu ikiwa imeandikwa humo, si "simu 4" tu. Na tunataka neno la wazi mbele ya shahidi: ikidaiwa au ikijifunga, ataipokea na kurudisha bei. Hiyo ndiyo daraka ileile, safari hii tukiwa upande wa mnunuzi.

Muuzaji mmoja alikuwa na bei nzuri kuliko wote. Tulipomwomba aandike IMEI akacheka, akasema hakuna anayefanya hivyo. Tulimshukuru, tukaenda duka la pili, tukalipa zaidi kidogo kwa kila simu. Asiyekubali kuandika namba amekwisha kukuambia kwamba kesho hatakubali kwamba simu imetoka kwake.

Daftari

Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inahimiza kuandika madeni na kushuhudisha watu mnapouziana. Wanazuoni wengi wameona kushuhudisha huko ni jambo linalopendekezwa, si wajibu. Kwa simu za mtumba, mimi nimejifunza thamani yake kwa 150,000.

Kila ununuzi una ukurasa wake: tarehe, aina ya simu, IMEI zote mbili, jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya laini, bei, na kasoro zilizoonekana. Chini muuzaji anasaini maneno haya: "Simu hii ni mali yangu halali, haina deni wala mdai. Akitokea mwenye haki nayo, nitarudisha bei niliyopokea." Shahidi mmoja anasaini, mara nyingi jirani wa kibanda cha pili. Mwizi akiyasoma maneno hayo huanza kukumbuka kwamba ana haraka.

Mnunuzi naye tunampa karatasi yenye IMEI na ahadi hiyohiyo kutoka kwetu. Binamu anasema karatasi hiyo imetuletea wateja kuliko tangazo lolote.

Ukishatilia shaka

Nimalizie na jambo la hatari. Ukihisi kijana aliyesimama mbele yako ameshika simu ya wizi, usipige kelele ya "mwizi!" Mnajua umati wa sokoni ukikusanyika unafanya nini. Dhana yako haihalalishi damu ya mtu, na inawezekana hata umekosea. Mrudishie simu yake kwa upole, mwambie hununui, andika IMEI kama uliiona.

Na simu ikiwa tayari umeinunua, kisha ukapata shaka, usiiharakishe kwa mteja ili urudishe mtaji. Usiivunje kwa fundi iwe vipuri. Wala usijidanganye kwa kuitoa sadaka, kwa sababu huwezi kumtolea Allah mali ya mtu mwingine. Ipeleke polisi pamoja na ukurasa wa daftari, uchukue karatasi ya kuthibitisha kwamba umeikabidhi.

Mwezi uliopita alikuja kijana na simu nzuri, bei ya chini, laini si yake, nauli ya usiku. Nilimwomba aje na mwenye laini. Akaondoka, nami nikaenda kuswali Magharibi. Safari hii sikuwa na faida ya kuhesabu.

Wabillahi tawfiq.